Sauti na midomo vinapoachana: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kutoa sauti kwa ajili ya taimlaini ya video

Majibu haya yanatumia mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ni podikasti ya saa moja iliyorekodiwa studio ya Sinza, mtangazaji na mgeni mmoja, kamera mbili za fremu 25 kwa sekunde. Sauti ilirekodiwa pembeni kwenye laptopu, ikamfikia mhariri wa video ikiwa MP3. Dakika 10 za mwanzo zina muziki chini ya maneno, na dakika 50 zinazobaki ni mazungumzo matupu. Anayehariri harusi, mawaidha au semina atayakuta mambo yaleyale.

Nikicheza tangu mwanzo sauti iko sawa. Nikiruka hadi dakika ya 30, midomo inasema hiki na sauti inasema kile. Tatizo ni la kompyuta yangu?

Mara nyingi kompyuta haina kosa. Dalili hiyo, ya kwenda vizuri ukicheza mfululizo na kuachana ukiruka, ndiyo alama ya faili la sauti lenye kiwango cha biti kinachobadilika, yaani VBR.

MP3 imekatwa vipande vidogo. Kila kipande kina sampuli 1152, ambazo kwa sauti ya 48 kHz ni milisekunde 24 kamili. Kwenye CBR, yaani kiwango cha biti kisichobadilika, kila sekunde inachukua nafasi ileile kwenye faili. Kwa 128 kbps, sekunde moja ni baiti 16,000, basi dakika ya 30 iko baiti ya 28,800,000. Programu inazidisha, inakwenda pale, inasoma. Kwenye VBR kipande chenye muziki hupewa biti nyingi na kipande chenye ukimya hupewa chache, kwa hiyo kuzidisha hakukufikishi unakotaka.

Chukua podikasti yetu. Tuseme dakika 10 za muziki zimetumia wastani wa 220 kbps, na dakika 50 za maneno wastani wa 110 kbps. Sehemu ya kwanza ni baiti milioni 16.5 na ya pili ni baiti milioni 41.25. Jumla ni milioni 57.75. Programu inayodhani mambo yamegawanyika sawasawa itaitafuta dakika ya 30 katikati ya faili, kwenye baiti ya 28,875,000. Sasa toa zile milioni 16.5 za muziki: zinabaki baiti 12,375,000 za maneno, na maneno yanakula baiti 13,750 kwa sekunde, kwa hiyo ni sekunde 900. Dakika 10 jumlisha dakika 15 ni dakika ya 25. Picha iko dakika ya 30, sauti inasomwa dakika ya 25, na taimlaini yenyewe inaonyesha klipu imekaa mahali pake pasipo kasoro.

Si kila programu inakosea kiasi hicho. Zipo zinazopitia faili zima wakati wa kuliingiza na kuweka pembeni nakala iliyofumuliwa, yaani iliyorudishwa kuwa sampuli zisizobanwa, na huko tatizo halionekani kabisa. Ndiyo maana faili lililokusumbua wewe linaweza kwenda vizuri kwa mwenzako, mkabaki mnabishana.

Lakini nimesoma kwamba MP3 ya VBR ina jedwali la kuonyesha mahali. Halisaidii?

Linasaidia msikilizaji, mhariri halimtoshi. Jedwali hilo hukaa kwenye kipande cha kwanza cha faili, na wengi hulijua kwa jina la `Xing`. Lina nafasi 100 tu, moja kwa kila asilimia ya muda. Kwa faili la saa moja, nafasi moja inasimama badala ya sekunde 36 nzima. Juu ya hapo, kila nafasi huandikwa kwa namba kati ya 0 na 255, maana yake mahali panakadiriwa kwa sehemu moja ya 256 ya faili. Kwa faili letu la baiti milioni 57.75, sehemu moja ni kama baiti 225,600, na kwa maneno ya 110 kbps hizo ni sekunde 16 na kitu.

Mtu anayesikiliza mawaidha akielekea Mbezi hatajua kama ameangukia sekunde kumi nyuma. Mhariri anafanya kazi kwa fremu ya picha ya milisekunde 40. Vipimo hivyo viwili haviko hata karibu.

Faili la saa moja linaonekana kuwa la dakika 48. Jingine linaonekana la zaidi ya saa nne. Yameharibika?

Sauti yenyewe kwa kawaida ni nzima. Kinachokosekana ni lile jedwali, au lipo lakini si la kweli.

Jedwali haliwezi kuandikwa mpaka kurekodi kuishe, kwa sababu kabla ya hapo urefu haujulikani. Programu ikimaliza inarudi mwanzo wa faili na kujaza namba. Umeme ukikatika katikati, laptopu ikazima kwa sababu betri imechoka, au mtu akachomoa flashi kabla ya kusubiri, namba hazijazwi. Rekodi zilizonaswa kutoka redio ya mtandaoni nazo mara nyingi hazina jedwali. Halafu kuna MP3 zilizounganishwa kienyeji, faili la pili limebandikwa nyuma ya la kwanza. Hapo jedwali lipo, ila linaeleza faili la kwanza peke yake.

Pasipo jedwali, programu huangalia kipande cha kwanza na kudhani vingine vyote viko hivyohivyo. Podikasti yetu ikianza na muziki na kipande cha kwanza kikawa cha 160 kbps, hesabu inakuwa baiti 57,750,000 mara 8, gawa kwa 160,000, sawa na sekunde 2,887, ambazo ni dakika 48. Ikianza na ukimya na kipande cha kwanza kikawa cha 32 kbps, hesabu ileile inatoa zaidi ya saa nne. Faili ni lilelile, maneno ni yaleyale.

Urefu uliopungua ndio wa hatari zaidi, kwa sababu programu inaweza kukata klipu dakika ya 48 na ukaamini mgeni alimalizia pale. Urefu uliozidi angalau unajitangaza wenyewe.

Nitajuaje kama faili nililoletewa ni VBR?

Lifungue kwenye MediaInfo, programu inayoonyesha taarifa za ndani za faili, uende sehemu ya `Audio`, usome mstari wa `Bit rate mode`. Utaona `Constant` au `Variable`. Jina la faili halikuambii kitu, na hata ile `128 kbps` inayoonyeshwa na Windows inaweza kuwa wastani tu.

Kujua urefu wa kweli, faili lazima lifumuliwe lote, kuanzia kipande cha kwanza hadi cha mwisho. Hapa tunatumia ffmpeg, programu inayoendeshwa kwa kuandika amri:

```
ffmpeg -i podikasti.mp3 -f null -
```

Juu utaona `Duration`, yaani urefu uliosomwa au kukadiriwa. Mwishoni utaona `time=`, urefu uliopatikana baada ya kufumua kila kitu. Vikitofautiana kwa zaidi ya sehemu ndogo ya sekunde, liamini la mwisho. Na ukiona mstari huu, jedwali halipo:

```
Estimating duration from bitrate, this may be inaccurate
```

Watu huuruka mstari huo kwa sababu umeandikwa kama onyo dogo tu. Kwa mhariri wa video huo ndio ujumbe wote.

Basi sauti itolewe vipi tangu mwanzo?

WAV, PCM, 48 kHz. Kwenye WAV kila sampuli inachukua nafasi sawa na jirani yake, hakuna cha kukadiria. Kamera nyingi hurekodi sauti kwa 48 kHz, na kwa fremu 25 kwa sekunde kila fremu ya picha inabeba sampuli 1920 kamili. Biti 16 zinatosha kwa sauti iliyokwisha kusawazishwa. Toa biti 24 kama mhariri bado ataipandisha na kuishusha.

Kwenye Audacity, kabla ya kutoa, weka `Project Sample Rate` kuwa 48000 kupitia `Audio Setup`. Kisha nenda `File`, halafu `Export Audio`. Kwenye `Format` chagua `WAV (Microsoft)`, `Channels` iwe `Mono` kama ni maiki moja, `Sample Rate` 48000, na `Encoding` iwe `Signed 16-bit PCM` au `Signed 24-bit PCM`.

Kwenye dirisha hilohilo kuna kisanduku cha `Trim blank space before first clip`. Kiache bila tiki. Kikiwa na tiki na klipu ya mgeni inaanzia sekunde ya 7, faili lake litatoka limekatwa zile sekunde 7 za mwanzo. Mhariri akipanga maiki ya mtangazaji na ya mgeni zote kwenye sifuri, mgeni atakuwa anajibu maswali kabla hajaulizwa. Kanuni ni kwamba mafaili yote ya kipindi kimoja yaanzie sifuri moja na yaishie mahali pamoja, hata kama moja lina ukimya wa dakika tano.

Anayetoa kwa Reaper achague `Stems (selected tracks)` kwenye `Source` na `Entire project` kwenye `Bounds`, atapata matokeo hayohayo.

Acha pia kofi moja la kulinganishia sauti na picha mwanzoni, mbele ya kamera zote, na jingine mwishoni kabla kamera hazijazimwa. Kofi la mwisho ndilo linalosahaulika, na ndilo litakaloamua ugomvi baadaye.

Nimeshapewa MP3 na mwenye nayo hana nakala nyingine. Nifanyeje?

Ifumue iwe WAV kabla haijagusa taimlaini. Neno la kushika hapo ni kabla. Kufumua hakurudishi ubora uliopotea, ila kunamaliza suala la muda, kwa sababu programu inasoma kipande baada ya kipande bila kuruka.

```
ffmpeg -i podikasti.mp3 -ar 48000 -c:a pcm_s16le podikasti_48k.wav
```

Kama si mtu wa kuandika amri, fungua MP3 kwenye Audacity na uitoe kama ilivyoelezwa hapo juu. Audacity nayo inafumua faili zima inapoliingiza.

MP3 iliyounganishwa kienyeji ni bora ufumue sehemu zake kila moja peke yake, kama bado zipo, kisha uziunganishe zikiwa WAV.

Lipe faili jipya jina jipya, na hii si suala la unadhifu tu. Programu kama Premiere huweka nakala za sauti iliyofumuliwa na picha za mawimbi kwenye `Media Cache`. Ukibadilisha faili kwa jina lilelile mahali palepale, unaweza kubaki unaona mawimbi ya zamani, ukaapa kwamba dawa haikufanya kazi.

Ukiwa umeshakata nusu ya kazi kwenye Premiere, bofya kulia faili la sauti kwenye dirisha la mradi, chagua `Replace Footage`, umpe ile WAV. Mikato itabaki na muda wake uleule, sasa ikisomwa mahali sahihi. Hapa kuwa macho. Mikato uliyopanga kwa kufuata saa ya kamera itakaa sawa. Ile uliyoisogeza kwa sikio, ukihangaika kuilinganisha na midomo, sasa itakuwa imehama, kwa sababu ulikuwa unasahihisha kosa ambalo halipo tena. Hiyo lazima uirudishe kwa mkono, mmoja mmoja.

Baada ya kufumua, sauti yote inaweza kuwa nyuma kidogo kwa kiasi kilekile mwanzo hadi mwisho. Kubana MP3 huongeza ukimya mfupi mwanzoni. Kwa MP3 zilizobanwa na programu ya LAME, ukichanganya ucheleweshaji wa kubana na wa kufumua unapata sampuli 1105, kama milisekunde 25 kwa 44.1 kHz. Jedwali likiwepo, ffmpeg huukata ukimya huo. Lisipokuwepo unabaki. Ni chini ya fremu moja ya picha, na kwa kuwa haukui, unausogeza mara moja na kazi imekwisha. Kwenye Premiere washa `Show Audio Time Units` ili uweze kusogeza kwa hatua ndogo kuliko fremu.

Si ningeibadilisha tu kutoka MP3 ya VBR kwenda MP3 ya CBR?

Muda utatulia, ndiyo. Lakini umebana mara ya pili kitu kilichokwisha kubanwa, sauti za s na sh zimezidi kuchubuka, na umeongeza ukimya mwingine mwanzoni. Kama unakwenda kuandika faili jipya, andika WAV.

MP3 ya CBR ina kazi yake halali, ambayo ni kumpa mteja asikilize na kuidhinisha kwenye simu. 192 kbps inatosha kwa hilo. Kwenye Audacity, `Bit Rate Mode` iwe `Constant`. `Preset` na `Variable` ziache.

WAV ni nzito na bando ni ghali. Nawezaje kuituma kutoka Mbagala hadi Sinza?

Anza kwa kuuliza kama kweli unahitaji stereo. Maiki moja ni mono, na kuiandika stereo ni kutuma kitu kilekile mara mbili. Saa moja ya mono, 48 kHz, biti 16, ni MB 345.6. Saa hiyohiyo ikiwa stereo ya biti 24 ni MB 1,036.8, mara tatu yake.

Bado ni nzito? Ibane kwa FLAC. Nayo kiwango chake cha biti hubadilika, lakini kila kipande chake kimebeba namba inayoonyesha kilipo kwenye wimbo mzima, na ikifumuliwa inarudisha sampuli zilezile bila kupoteza hata moja. Mazungumzo ya mtu mmoja mara nyingi hushuka hadi karibu nusu, na ukimya ukiwa mwingi hushuka zaidi.

```
ffmpeg -i mgeni_48k.wav mgeni_48k.flac
```

Anayepokea aigeuze kuwa WAV kabla ya kuiweka kwenye taimlaini. Kwa kweli hata kama programu yake inasoma FLAC moja kwa moja, aigeuze tu. Ni sekunde chache.

Kurekodi kunakozidi saa nyingi, kama mkesha, kuna ukomo mwingine wa kukumbuka. Faili la WAV la kawaida halivuki GB 4, na stereo ya biti 24 inafika hapo baada ya saa nne hivi. Gawa kabla ya hapo.

Mgeni yuko nje ya nchi, amenijibu kwa sauti za WhatsApp. Naweza kuziweka hivyohivyo?

Hapana. Sauti zinazorekodiwa ndani ya WhatsApp kwenye Android huja kama `.opus`, na programu nyingi za kuhariri hazilifungui. Opus nayo hutumia VBR kwa kawaida, na kwenye baadhi ya rekodi mtu akinyamaza ukimya wenyewe hauandikwi, linaachwa pengo kwenye hesabu ya muda. Ukifumua bila kujaza mapengo, maneno yanasogeleana na urefu unapungua. Amri hii inaziba pengo kwa ukimya:

```
ffmpeg -i sauti.opus -af aresample=async=1 -ar 48000 -c:a pcm_s16le sauti_48k.wav
```

Nzuri zaidi ni kumwomba mgeni arekodi kwa programu ya kurekodi ya simu yake, kisha akutumie faili kama `Document`.

Nimetumia WAV ya 48 kHz na bado midomo inaachana. Sasa je?

Sasa si VBR. Tazama namna inavyoachana.

Ikiwa inachelewa kiasi kilekile mwanzo hadi mwisho, hukupanga makofi vizuri. Sogeza.

Ikiwa mwanzo iko sawa na inazidi kuachana taratibu kadiri kipindi kinavyokwenda, ni saa mbili zisizokubaliana. Laptopu ina saa yake na kamera ina yake, na hakuna iliyo kamili. Tofauti ya sehemu 50 kwa milioni ni jambo la kawaida, nayo kwa saa moja inazaa milisekunde 180, zaidi ya fremu nne. Hapa ndipo kofi la mwisho linapolipa. Tuseme kofi la kwanza limekaa sawa na la mwisho limechelewa fremu 5. Fremu 5 kwa dakika 60 ni fremu moja kila dakika 12. Tafuta ukimya karibu na dakika ya 12, 24, 36 na 48, kata sauti hapo, na kila baada ya mkato uvute sauti iliyobaki kuelekea mwanzo wa taimlaini kwa fremu moja. Mkato ukiwa kwenye pumzi hakuna atakayesikia. Baadhi ya wahariri hunyoosha sauti yote kwa asilimia, na ni njia halali, ila asilimia inayotakiwa hapa ni 0.0056 na programu nyingi hazikubali desimali hizo.

Ikiwa inaachana kwa kurukaruka, sasa mbele, sasa nyuma, tazama picha badala ya sauti. Simu nyingi hurekodi video kwa idadi ya fremu inayobadilika. Mwanga ukipungua au simu ikipata joto, fremu zinapungua. Fungua video kwenye MediaInfo, safari hii sehemu ya `Video`, usome `Frame rate mode`. Ikisema `Variable`, itengeneze kwanza:

```
ffmpeg -i simu.mp4 -r 30 -c:v libx264 -crf 18 -c:a pcm_s16le simu_30.mov
```

Simu ikiwa ilirekodi kwa 30, acha 30 kwenye hatua hii. Ukiilazimisha kwenda 25 utatupa fremu moja katika kila sita, na mkono unaopunga utaonekana ukidunda. Na mara nyingine simu na VBR vimo kwenye mradi mmoja, kwa hiyo usikimbilie kulaumu kimoja.

Nithibitishe vipi kabla ya kukabidhi?

Kwa mtoa sauti, hesabu sampuli:

```
ffprobe -v error -show_entries stream=sample_rate,duration_ts mgeni_48k.wav
```

Kwa WAV, `duration_ts` ni idadi ya sampuli. Saa moja kamili ya 48 kHz ni 172,800,000. Faili la mtangazaji na la mgeni lazima yawe na namba ileile. Likipungua moja, kuna mahali ukimya umekatwa, na mara nyingi ni kile kisanduku cha Audacity. Andika namba hiyo kwenye ujumbe unaotuma pamoja na mafaili, ili mhariri aangalie mwenyewe.

Kwa mhariri, usijaribu kwa kucheza tangu mwanzo, maana kosa la VBR hujificha hapo. Ruka moja kwa moja hadi dakika ya 7, kisha 52, kisha 31, bila mpangilio. Kila unapoangukia, tafuta neno lenye herufi inayofunga midomo: m, b au p. Mgeni akisema "Mbagala", midomo inafungwa kwenye m na kuachia kwenye b. Sogeza fremu moja moja. Fremu ambayo midomo inaachana lazima iwe ileile ambayo mawimbi yanapanda ghafla. Neno kama "saa" au "kaka" halikusaidii, kwa sababu midomo haifungi.

Mwisho toa video ya majaribio ya dakika mbili kutoka karibu na dakika ya 50, uiangalie nje ya programu ya kuhariri. Kuna mafaili ya VBR yanayokwenda vizuri kwenye taimlaini na kuachana wakati wa kutoa, kwa sababu programu husoma faili kwa njia moja ikicheza na kwa njia nyingine ikitoa.